Tutazame mapishi gani ambayo hayatukani mtu?

*Shikamoo Shangazi. Nina watoto watatu, wa miaka 14, 10 na 6, na tunaishi na mama mkwe wangu hapa Tanga. Baada ya chakula cha usiku sote hukaa sebuleni kutazama mashindano ya mapishi ya nje, kwa sababu hayana bunduki na Bibi anapenda kuona vyakula. Wiki mbili zilizopita binti yangu wa miaka 10 alipika chapati peke yake kwa mara ya kwanza. Kaka yake akatafuna moja, akaitema kwenye sahani na kusema, "Takataka hii, toka jikoni kwangu," kwa sauti ileile ya jaji wa kwenye runinga. Mdogo wao akacheka. Tangu siku hiyo binti hataki kugusa unga. Baba yao anataka tuache kabisa vipindi hivi. Mimi naona tutapoteza saa pekee ya siku tunayokaa pamoja. Nitajuaje kipindi ni salama kabla hatujakaa wote? Na kama kuna unavyovijua, nitajie.*

*Mama Watatu, Tanga*

Marahaba mwanangu. Msizime runinga. Badilisheni kipindi, na unapochagua kipya usianze kwa kumtazama jaji. Tazama sheria za shindano lenyewe.

Nasema hivyo kwa sababu ya mtu mmoja ambaye nadhani mmeshakutana naye, Gordon Ramsay, mpishi na jaji wa runinga. Katika Hell's Kitchen, iliyoanza Marekani mwaka 2005, anawafokea wapishi watu wazima mpaka mishipa ya shingo inasimama. Katika MasterChef Junior, iliyoanza mwaka 2013 kwa watoto wa miaka 8 hadi 13, mtu huyohuyo anazungumza kwa upole, na mtoto akikwama anamsogelea na kumwelekeza. Roho yake haikubadilika katikati. Kilichobadilika ni shindano alilowekwa ndani yake. Kule Hell's Kitchen wapishi wamegawanywa timu mbili, timu inayoshindwa inapewa adhabu, kisha wenyewe wanatakiwa kuwataja wenzao wanaostahili kuondolewa. Anayetolewa anavua koti lake la upishi, linatundikwa ukutani, na picha yake inaonyeshwa ikiungua. Kwa watoto, mara nyingi wanaondoka wawili kwa pamoja, ili asiwepo anayetoka mlangoni peke yake huku wengine wanamtazama. Sheria kama hizo zinatungwa na watengenezaji kabla kamera haijawashwa, na ndizo zinazoamua mtoto wako atajifunza kusema nini mezani.

Kwa hiyo mimi hujiuliza mambo matatu. Washiriki waliingizwaje? Jaji anakisema chakula au anamsema mtu? Na anayeshindwa anatokaje?

La kwanza ndilo watu wengi hawalifikirii. Katika mashindano makubwa ya kuimba ya aina ya American Idol, mtu hapelekwi moja kwa moja mbele ya majaji maarufu. Maelfu wanaojitokeza huchujwa kwanza na watu wa uzalishaji, na ni wachache tu wanaofika kwenye ile meza tunayoiona. Sasa fikiria yule kijana asiyeweza kabisa kuimba, anayesimama pale akijiamini, majaji wakaangua kicheko. Naye alichujwa na kupitishwa, na waliompitisha walimsikia wakajua kitakachompata. Alipitishwa ili achekwe. Mweleze hilo mwanao wa miaka 14. Kijana wa umri huo anachukia kudanganywa, na akishajua jinsi kicheko kile kilivyopangwa, hatakifurahia tena kama zamani. Kama nyumbani mnapenda muziki, rukeni wiki za usaili na anzeni pale waliobaki wote wanapokuwa waimbaji kweli. Kipindi hichohicho kinakuwa kitu kingine.

Sasa nikutajie ambacho ningekiweka sebuleni kwako, halafu nikupitishe ndani yake hatua kwa hatua, maana jina peke yake halitakusaidia kupima vingine.

Kinaitwa The Great British Bake Off. Ukikitafuta ukakikosa, andika The Great British Baking Show, kwa kuwa Marekani kinatumia jina hilo. Kilianza BBC mwaka 2010, na tangu mwaka 2017 kiko Channel 4. Washiriki ni waokaji wa nyumbani, kwa kawaida 12. Wapo walimu, wanafunzi, madaktari na wastaafu, na kila mmoja ameingizwa kwa sababu anaoka vizuri. Wanaokea ndani ya hema jeupe lililosimamishwa kwenye bustani, na kila kipindi kinarekodiwa kwa siku mbili, ili watu waendelee na kazi zao katikati ya wiki.

Kila kipindi kina raundi tatu. Ya kwanza mshiriki anaoka kitu chake anachokijua, ambacho ameshakifanyia mazoezi nyumbani. Ya pili ndiyo ya kuitazama kwa makini. Wote wanapewa maelekezo yaleyale, tena yamekatwakatwa, wakati mwingine yameandikwa tu "oka" bila kusema kwa dakika ngapi. Wakimaliza wanapanga kazi zao juu ya meza moja ndefu, na majaji wanaitwa kuingia bila kujua ipi ni ya nani. Wanaonja kuanzia upande mmoja mpaka mwingine, kisha wanazipanga kuanzia ya mwisho hadi ya kwanza. Hapo jaji hana namna ya kumshambulia mtu, kwa sababu hamjui. Anachoweza kusema ni kwamba hii haikuumuka, hii imeungua chini, ile krimu imeyeyuka. Raundi ya tatu ni ya madoido, keki kubwa ya kuonyesha ufundi, na baada yake mmoja anatajwa mwokaji bora wa wiki na mmoja anaaga.

Tazama jinsi anavyoaga. Jina linatajwa na watangazaji, si na jaji, na mara moja wenzake wote wanamzunguka kumkumbatia. Mara nyingi wanaolia zaidi ni wanaobaki. Kisha anapewa nafasi ya kusema neno, na anasema jinsi alivyopenda kuwepo. Mshindi wa mwisho hapati hata senti. Anapata maua na kinara cha kuwekea keki. Watu hawaoni jinsi hilo lilivyo na nguvu. Panapokuwa na dola laki moja mezani, kosa la mwenzako linakuwa faida yako. Panapokuwa na maua, unaweza kumshikia mwenzako keki inayoanguka, na katika hema lile wanafanya hivyo mara kwa mara.

Kuna jambo jingine walilosimulia watangazaji wa kwanza, Mel Giedroyc na Sue Perkins. Mshiriki akianza kulia, walikuwa wanasogea karibu yake na kutamka maneno ya chooni kwa makusudi, ili picha ile isifae kurushwa hewani. Yaani walikuwa wanamfunika mtu kwa njia pekee waliyokuwa nayo. Katika vipindi vingi kamera hukimbilia machozi.

Jaji aliyekuwepo tangu mwanzo, Paul Hollywood, si mtu wa kubembeleza. Akibonyeza mkate usiporudi, atakuambia haukuumuka vya kutosha, na hatatabasamu. Nakuomba usimhesabu kuwa mkatili kwa hilo. Kuna wazazi wanaotaka kipindi ambacho kila mtu anasifiwa, na mimi sikubaliani nao. Mtoto aliyepika chapati ngumu anastahili kuambiwa ni ngumu, pamoja na sababu yake. Ukali wa aina hiyo unamheshimu. Kumdhalilisha ni kumwambia kwamba yeye mwenyewe hafai.

Lakini nisikufiche mapungufu yake. Mwaka 2014 mshiriki mmoja aiskrimu yake ilitolewa kwenye friji na mwenzake, ikalainika. Kwa hasira akaitupa yote kwenye pipa la taka, akawapelekea majaji lile pipa, na akaaga siku hiyo. Picha zilivyounganishwa, watazamaji waliamini yule mwanamke aliyeitoa alimhujumu. Malalamiko yakafika kwa mamia, ingawa watangazaji walieleza kuwa aiskrimu ilikaa nje sekunde 40 tu. Hata kipindi cha upole, mkono wa mhariri unaweza kumgeuza mtu wa kawaida kuwa adui wa taifa. Na mwaka 2022 kulikuwa na wiki ya vyakula vya Meksiko ambapo watangazaji walivaa makofia mapana na kufanya mzaha juu ya watu wa huko. Kililalamikiwa sana, na kwa haki. Kipindi hicho nyinyi kirukeni. Kuna pia utani wa maneno yenye maana mbili, ambao wadogo hawataushika ila kijana wako ataushika. Kama mnakula halali, mtaona nguruwe na pombe zikitumika mara mojamoja. Kwa upande mwingine, mwaka 2015 mshindi alikuwa Nadiya Hussain, mama wa watoto watatu anayevaa hijabu, na sidhani kama Bibi atakubali kulala kabla ya kuona mwisho wa msimu ule.

Kama keki zitawachosha, tafuteni MasterChef Australia, iliyoanza mwaka 2009. Hapa angalia neno la mwisho katika jina. MasterChef ilianzia Uingereza mwaka 1990, na sasa nchi nyingi zina yake, kila moja na tabia yake. Ya Marekani kwa watu wazima ina vijembe vingi. Washiriki wanaitwa pembeni kuzungumza na kamera, na kinachobaki baada ya uhariri ni jinsi wanavyowasema wenzao. Ya Australia, waliookoka raundi husimama juu kwenye kibaraza na kuwaita kwa majina wenzao wanaopika chini: punguza moto, umesahau chumvi, zimebaki dakika tano. Mwaka 2011 walimwalika Dalai Lama kuonja, naye akakataa kutaja chakula kipi ni bora, kwani kwa imani yake haikumfaa kupendelea. Shindano liliendelea bila hukumu yake, na lilibaki tamu kutazama. Tatizo lake ni urefu. Msimu mmoja una vipindi kama 50 au zaidi, kwa hiyo yule wa miaka 6 atalala katikati, na pengine itafaa muwe mnachagua siku mbili kwa wiki.

Kuna kimoja ambacho watu wengi watakupendekezea na ambacho ningekuomba ukisubirishe. Nailed It! ya Netflix, iliyoanza mwaka 2018, inawaita watu wasiojua kuoka na kuwapa keki ngumu za kuiga, kisha wote wanacheka matokeo. Hakina ubaya moyoni. Washiriki wanajua walichokuja kufanya na wanacheka wao kwanza. Lakini binti yako ametoka kuchekwa juu ya chapati yake ya kwanza. Kicheko kizuri kwa nyumba nyingine, kwake leo kitauma. Mwache apike mara nne tano kwanza.

Vipindi usivyovijua utavipima mwenyewe, na ni kazi ya robo saa, wengine wakiwa wamelala. Usianze na kipindi cha kwanza cha msimu, wala dakika za mwanzo, ambapo hupachikwa vipande vya vurugu vya kukuvuta. Nenda kipindi cha pili au cha tatu, peleka mbele mpaka mahali majaji wanapoonja, na tazama kuanzia hapo hadi mtu anapotoka. Fumba macho kwa dakika mbili usikilize tu. Ukisikia muziki wa kutisha, kimya kirefu, kisha kishindo kama cha mlango wa jela kabla ya jaji kufungua kinywa, ujue hofu ya mtu ndiyo inayouzwa. Fumbua macho uangalie kamera iko wapi jaji anapozungumza. Ikiwa kwenye chakula, vizuri. Ikiwa imeng'ang'ania uso wa mshiriki ikisubiri machozi, zima. Halafu sikiliza washiriki wanapozungumza peke yao na kamera, uhesabu: ni mara ngapi wanasema juu ya kazi yao, na ni mara ngapi juu ya mwenzao? Wakimsema mwenzao zaidi, basi wameulizwa hivyo na aliyekaa nyuma ya kamera, na msimu mzima utakuwa hivyohivyo.

Kwa ajili ya Bibi, tafuteni pia cha kwetu ambacho hahitaji kutafsiriwa. Mama Shujaa wa Chakula, iliyoanzishwa na Oxfam mwaka 2011 hapa Tanzania, ilikuja kuunganishwa na kipindi cha Maisha Plus. Wanawake wakulima na wafugaji waliishi kijijini mbele ya kamera, wakifanya kazi za kila siku, na wakaeleza jinsi wanavyolima na wanavyolisha familia zao. Hakuna aliyetiwa mbele ya watu ili atukanwe. Bibi atajua zaidi yenu wote kuhusu jembe, na jioni hiyo watoto ndio watakaokuwa wanamuuliza yeye.

Sasa chapati. Kaka mtu hahitaji hotuba ndefu. Mwite pembeni, umwambie kwamba dada yake ameacha kupika kwa sababu ya sentensi yake, na kwamba inampasa amwombe msamaha yeye mwenyewe, bila hadhira. Alitumia maneno yale kwa kuwa ndiyo pekee aliyofundishwa ya kuzungumzia chakula kibaya. Mpe mengine.

Ijumaa wawekee wiki ya mkate ya Bake Off, mara nyingi ni kipindi cha tatu cha msimu. Ikifika raundi ya meza ndefu, shika rimoti na usimamishe kabla jaji hajaonja. Kila mtu, pamoja na Bibi na baba, achague mkate mmoja na kusema anaona nini: umeumuka au umekaa, ndani kuna matundu au umeshikana, rangi imeshika pande zote au upande mmoja tu. Jina la aliyeuoka hamlijui, kwa hiyo hakuna wa kusemwa. Kisha achia, msikie jaji amesema nini, muone nani alikaribia. Fanyeni hivyo wiki mbili tatu bila kumtaja binti wala unga wake.

Akirudi jikoni mwenyewe, naye mtumie meza ileile. Aanze na unga nusu kilo tu, maji ya vuguvugu, chumvi kijiko kidogo, mafuta vijiko viwili vikubwa, akande mpaka donge liache kunata mkononi, kisha alifunike kwa kitambaa lipumzike nusu saa. Nahisi hapo ndipo alipokosea. Donge lisilopumzika hujirudi linaposukumwa, chapati inabaki nene na ngumu, na mtoto hudhani mikono yake ndiyo mibovu. Wewe nawe sukuma zako chache kutoka donge jingine, uzichanganye na zake kwenye sahani moja bila kusema zipi ni za nani. Kaka yake aonje kama mnavyoonja Ijumaa, aseme ipi ni laini na ipi imekauka, na kwa nini.